Baruapepe Ikirudi: Jinsi ya Kumfuatilia Afisa Aliyekuhoji

Mwombaji kazi anayengoja majibu ya mahojiano huwa na jina moja tu analolijua katika ofisi ile: la afisa aliyemhoji. Afisa huyo akiacha kazi, wengi hudhani nafasi imeondoka naye. Sivyo. Faili ya mahojiano ni mali ya ofisi, na hubaki ofisini.

Chukua mfano wa msichana aliyesomea uhasibu, aliyehojiwa na kampuni ya kusindika maziwa na kuambiwa angoje wiki mbili. Wiki mbili zilipopita aliandika kuulizia. Baada ya sekunde chache akapata ujumbe kutoka kwa Mailer-Daemon. Huyo si mtu. Ni mtambo wa barua unaoarifu kwamba ujumbe haukufika.

Kwanza alitazama nambari iliyo ndani ya ujumbe huo. Ikianza na 4, tatizo ni la muda, na mtambo wenyewe utaendelea kujaribu, mara nyingi kwa siku kadhaa. Ikianza na 5, umekataa kabisa. Yake ilikuwa hii:

```
550 5.1.1
```

Maana yake, anwani hiyo haipo. Sababu huwa mbili: imeandikwa vibaya, au imefungwa. Ili kuondoa ile ya kwanza, alifungua barua ya mwaliko wa mahojiano na kuijibu moja kwa moja bila kuandika anwani upya. Ikarudi tena, kwa nambari ileile. Hapo akajua kuwa anwani iliyokuwa ikifanya kazi wiki chache zilizopita imefungwa, na huenda mwenyewe ameondoka. Kama ingekuwa 5.2.2, maana ingekuwa kisanduku kimejaa, na mwenyewe huenda bado yupo.

Hakumtafuta afisa huyo kwenye Facebook wala kazini kwake kupya. Aliyeondoka hana faili tena, na hana mamlaka ya kujibu. Badala yake alirudi kwenye mwaliko akapata vitu vitatu: nambari ya kumbukumbu ya nafasi, anwani ya idara ya wafanyakazi iliyokuwa imenakiliwa, na simu ya ofisi. Akaiandikia idara:

"Nilihojiwa tarehe 4 kwa nafasi ya karani wa hesabu, nambari ya kumbukumbu iliyo hapo juu. Baruapepe niliyomtumia afisa aliyenihoji imerudi. Naomba kujua ni nani anayeshughulikia nafasi hii sasa, na uamuzi unatarajiwa lini."

Hakulalamika wala hakuuliza kwa nini afisa aliondoka. Siku mbili za kazi zikapita kimya, akapiga simu asubuhi na kuomba kuunganishwa na anayeshughulikia nafasi hiyo. Akaambiwa kuwa yumo kati ya watu watatu walioteuliwa, na kwamba nakala za vyeti zilihitajika kufikia Ijumaa. Afisa aliyeondoka hakuwa amewaarifu. Angengoja wiki moja zaidi, angeikosa nafasi.

Majibu ya kiotomatiki ni jambo tofauti. Baruapepe ikirudi, hakuna aliyeipata. Lakini majibu ya kiotomatiki yakija, ujumbe umeingia kisandukuni, ila huenda hakuna anayeusoma. Yakitaja tarehe ya kurudi, mwombaji angoje hadi siku hiyo ipite kwa siku mbili au tatu za kazi. Yakisema afisa hayuko tena na kumtaja mwingine, amwandikie huyo mwingine. Yakitaja tarehe iliyopita zamani, au yasipotaja yoyote, apige simu.

Kuna mtego hapa. Gmail humtumia mtu yuleyule majibu hayo si zaidi ya mara moja kwa siku 4. Kwa hiyo, ujumbe wa pili usipojibiwa na mtambo, hiyo si dalili kwamba afisa amerudi.

Mtu mgeni akijibu, mwombaji alinganishe maneno yanayofuata alama ya @ na yale ya mwaliko. Yakitofautiana, au akiombwa pesa kwa M-Pesa "kuharakisha faili", asitume. Apigie ofisi kwa nambari iliyokuwa kwenye mwaliko.

Kwa ofisi ya umma, ikiwemo ya kaunti, njia nyingine ipo. Chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016, raia anaweza kuomba habari kwa maandishi, na ofisi inatakiwa kuamua ombi hilo ndani ya siku 21. Kampuni binafsi kwa kawaida hailazimiki hivyo. Barua moja na simu mbili zisipozaa jibu, mwombaji aendelee kutuma maombi kwingine huku akihifadhi barua zote, pamoja na ile iliyorudi: ndiyo ushahidi kwamba aliuliza kwa wakati.