Faru Asitajwe Alipo: Mafunzo Niliyopata Nikipiga Picha Kreta ya Ngorongoro

Kazi yangu ni kuendesha wageni na kupiga picha za wanyama kaskazini mwa Tanzania. Picha zangu nyingi nataka ziwe na mahali zilipopigwa, yaani zile namba za GPS ambazo simu au kamera huziandika ndani ya faili. Miaka ikipita, namba hizo ndizo zinazoniambia kundi fulani la mbwa mwitu nililikuta upande gani wa Serengeti. Mnyama mmoja tu nimemtenga, naye ni faru mweusi. Pembe yake ina bei kubwa kwenye soko haramu, na ujangili wa miaka ya 1970 na 1980 ulikaribia kummaliza Tanzania nzima. Picha yake inahitaji utaratibu wake kuanzia inapopigwa mpaka inapotoka mikononi mwangu.

1. Faru ana miguu, lakini ana mazoea

Madereva wenzangu vijana huniambia, "Kaka, picha ya leo ina shida gani? Kesho hatakuwa pale." Kwa picha moja wana hoja. Ila faru mweusi ana eneo lake. Hurudi kwenye maji yale yale, hula vichaka vile vile, na kinyesi hukirundika mahali anapopajua. Siku moja magari mengi hupita mbele ya faru huyo huyo, na kila gari lina simu na kamera kadhaa. Picha za wageni wa wiki nzima, kila moja ikiwa na mahali na saa, ukizipanga unapata njia anayopita na wakati anaopita. Ndiyo maana huko Afrika Kusini baadhi ya hifadhi ziliweka mabango ya kuwaomba wageni wazime uwekaji wa mahali kwenye picha.

Ndani ya kreta kuna ulinzi wa askari, na magari hayaruhusiwi kuacha barabara. Faru wa sehemu nyingine hawana ukuta wa mlima unaowazunguka. Kwa hiyo nimeshika utaratibu mmoja kwa faru wote, nisiwe na la kuamua upya kila ninapomwona.

2. Soma namba zenyewe, usitazame ramani peke yake

Kwenye iPhone, na kwenye Google Photos pia, ukifungua picha na kuivuta juu unaona ramani ndogo. Ramani hiyo inatosha kukuambia kama mahali pamo au hapamo. Kuona kila kilichoandikwa, natumia programu ya bure ya kompyuta iitwayo ExifTool. Huu ni mfano wa picha ya katikati ya mji wa Arusha, kwa kuwa ya faru siwezi kuiweka hapa:

```
GPS Latitude   : 3 deg 22' 21.36" S
GPS Longitude  : 36 deg 41' 40.20" E
GPS Altitude   : 1394 m Above Sea Level
GPS Time Stamp : 07:04:11
```

Sekunde moja ya latitudo ni kama mita 31 ardhini. Kwetu, karibu na ikweta, longitudo nayo haitofautiani sana na hapo. Namba mbili baada ya nukta hufanya ionekane kana kwamba simu imepima kwa sentimita. Haijapima hivyo, maana uwanja wazi simu ya kawaida hukosea kama mita tano. Lakini mita tano zinatosha kabisa kumpata mnyama wa ukubwa ule.

Mstari wa saa huwachanganya wengi. Saa ya GPS ni ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, kwa hiyo 07:04 hapo ni saa nne na dakika nne asubuhi kwetu. Mwinuko nao usidharauliwe. Mdomo wa kreta uko juu zaidi ya mita 2,200 na sakafu yake iko chini ya hapo kwa mamia ya mita, kwa hiyo mtu akijua picha ni ya Ngorongoro, mstari huo peke yake unamwambia kama ulikuwa juu au chini. Ukifuta, futa vyote kwa pamoja.

3. Kinachokula betri ni kutafuta setilaiti

Kwa wanyama wengine nataka mahali pabaki kwenye picha, lakini wageni huzima mahali kwenye simu asubuhi kwa kuogopa betri, halafu saa nane mchana simu imezimika vilevile. Kuandika namba chache ndani ya picha hakuli chaji ya kuhesabika. Chaji inaliwa na kipokezi kinapotafuta setilaiti, na muda wa kutafuta hutegemea kifaa.

Kila setilaiti ya GPS hutangaza taarifa za njia yake kwa mzunguko wa sekunde 30. Kifaa kilichokaa muda mrefu bila kuwashwa kinabidi kizisikilize taarifa hizo bila kukatika, kutoka setilaiti zisizopungua nne, ndipo kijue kilipo. Ukipita chini ya miti mikubwa, usikivu unakatika na kinasubiri tena. Simu ina njia ya mkato: taarifa hizo huzipakua kwa mtandao, na mahali pa kukadiria inapapata kwenye minara. Isitoshe, programu ya kamera huuliza mahali ikiwa wazi tu; ukiifunga, imemaliza.

Kinachoua simu ndani ya kreta kwa kawaida ni kioo kilichowekwa mwanga wa juu kwa sababu ya jua, pamoja na mtandao hafifu. Simu isiyopata mnara vizuri huongeza nguvu ya kuutafuta, tena mfululizo. Wageni wangu nawashauri waweke hali ya ndegeni tukianza kushuka. Kwenye simu za sasa GPS inaendelea kufanya kazi katika hali hiyo, kwa sababu inapokea tu wala haitumi kitu. Mahali pa kwanza patachelewa kidogo kupatikana, baada ya hapo mambo yanakwenda.

Kamera yenye GPS ndani ni habari nyingine. Baadhi huendelea kusikiliza setilaiti hata swichi ikiwa imezimwa. Canon EOS 7D Mark II, kwa mfano, inakupa namna mbili: `Mode 1`, ambayo huendelea kupokea kwa vipindi hata kamera ikizimwa, na `Mode 2`, ambayo huzimika kamera ikizimwa. Namna ya kwanza ina faida yake, kwani ukiwasha ghafla mnyama akitokea, mahali pako tayari. Gharama yake utaiona asubuhi. Nimepata kuwa na mgeni aliyechaji betri jioni, akalala na kamera imezimwa, na tulipofika getini alfajiri betri ilikuwa imepungua vibaya. Alidhani ameuziwa betri bandia. Tulibadilisha namna ya GPS, na usiku uliofuata betri ile ile ililala bila kupungua.

Hiyo ndiyo namna ya kupima: usiku mmoja GPS ikiwa imewashwa, usiku mwingine ikiwa imezimwa, betri ile ile. Kama kamera ina kurekodi njia, angalia pia ni kila baada ya muda gani inaandika. Kuandika kila sekunde na kuandika kila dakika tano ni gharama tofauti sana, na kwa gari linalosimama mbele ya simba nusu saa, dakika hata mbili zinatosha.

4. Kamera isiyo na GPS inaweza kutoa picha yenye mahali

Kamera nyingi za sasa huunganishwa na simu kwa bluetooth, kupitia programu kama SnapBridge ya Nikon au Camera Connect ya Canon. Ukiruhusu, simu huipelekea kamera mahali kila mara, na kamera huandika kwenye picha. Mtu anakuapia kwamba kamera yake haina GPS, na kweli haina, lakini picha zinazo. Hapo anayelipa chaji ni simu iliyo mfukoni.

5. Kagua faili linaloondoka

Mpangilio unaoamini umeuzima unaweza kuwa umewashwa, kwa hiyo mimi hukagua faili lenyewe. Ya asili inabaki kwenye diski yangu na namba zake zote. Kinachotoka ni nakala, nayo naisafisha hivi:

```
exiftool -gps:all= -xmp:geotag= nakala.jpg
exiftool -a -G1 "-gps*" nakala.jpg
```

Amri ya kwanza inafuta. Ya pili inauliza kama kuna chochote cha GPS kilichobaki, na jibu ninalolitaka ni ukimya. Kuna mtego hapo: ExifTool huacha pembeni faili la `nakala.jpg_original`, lenye mahali pote kama palivyokuwa. Ukituma folda nzima, umelituma nalo. Ongeza `-overwrite_original` kwenye amri ya kwanza na halitaachwa.

Asiye na kompyuta ana njia pia. Kwenye iPhone, kabla ya kutuma, bonyeza `Options` juu ya dirisha la kushiriki, uzime `Location`. Wala haisaidii kutegemea kwamba mtandao utafuta. WhatsApp ukiitumia picha kwa njia ya kawaida huibana, na mahali panaondoka. Lakini siku hizi kila mtu anataka ubora. Kijana wa ofisi moja ya utalii aliniandikia, "Shikamoo kaka, nitumie ile ya faru kama dokumenti, isipoteze ubora." Ombi la kawaida kabisa, na ndilo hatari, kwa sababu picha inayokwenda kama dokumenti inakwenda nzima, na namba zake zote zimo. Barua pepe ni hivyo hivyo. Nilimtumia kama dokumenti alivyotaka, lakini baada ya zile amri mbili.

Anayependa kuchangia sayansi asidhani mlango umefungwa. Kwenye iNaturalist, mahali pa spishi iliyo hatarini hufichwa moja kwa moja: umma huona nukta iliyowekwa popote ndani ya mraba wa nyuzi 0.2 kila upande, yaani kama kilomita 22. Watafiti bado wanapata kitu, na jangili hapati njia.

6. Picha yenyewe nayo inasema

Hili halina amri ya kulifuta. Jina la faili kama `IMG_20240614_100411.jpg` limebeba siku na saa, kwa hiyo nakala yangu naipa jina jingine. Maelezo chini ya picha yasitaje mto, msitu wala kambi. Tena usiweke siku ile ile. Mimi husubiri msafara uishe na wageni wawe wameondoka nchini. Gumu zaidi ni mandhari. Ukuta wa kreta una mikunjo yake, na mtu anayeijua akiona faru mbele ya mkunjo fulani anajua alisimama barabara gani. Kwa hiyo picha ya faru ninayoitoa hadharani naikata kwa karibu: kichwa, pembe, nyasi na anga. Zile pana, zenye ukuta wote nyuma na ukungu ukishuka, ndizo nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga, na zinakaa kwenye diski.