Nyutroni Saba Zinazochelewa

Vitabu vingi vya fizikia tunavyotumia kujiandaa kufundisha sekondari vinaeleza mpasuko wa urani kwa mchoro uleule: nyutroni moja inapasua kiini, zinatoka mbili, mbili zinazaa nne, nne nane. Mchoro ni mzuri, ila huo ni mchoro wa bomu. Mwanafunzi mwerevu atauliza, basi kinu cha umeme kinazuiwaje? Jibu la "kuna fito za kudhibiti" halitoshi, na nitaonyesha kwa nini.

Tuanze na namba inayoitwa k. Hesabu mipasuko ya kizazi kimoja, kisha gawanya kwa mipasuko ya kizazi kilichotangulia. Urani-235 ikipasuka hutoa wastani wa nyutroni 2.4 hivi, lakini nyingine hutoroka nje ya kinu, nyingine humezwa na chuma, maji au fito zenyewe bila kupasua chochote. Kinachobaki baada ya hasara zote ndicho k inachopima. Ikiwa chini ya 1, moto unafifia. Ikiwa 1 kamili, nguvu inabaki palepale, na kinu kinachozalisha umeme kwa utulivu kiko hapo. Ikizidi 1, nguvu inapanda.

Sasa tupige hesabu. Tuseme k ni 1.001, ziada ndogo mno. Katika kinu cha maji, kutoka kizazi hadi kizazi ni kama sekunde 0.0001, yaani vizazi 10,000 kwa sekunde. Zidisha 1.001 kwa yenyewe mara 10,000 unapata karibu 22,000. Ndani ya sekunde moja! Hakuna mkono wa mtu wala mota ya kusukuma fito itakayowahi.

Kinachookoa ni kwamba si nyutroni zote hutoka papo hapo. Katika kila 1,000 za urani-235, kama sita na nusu (tuseme saba) hutoka kwa kuchelewa. Mpasuko huacha vipande, na baadhi ya vipande hukaa kwanza, hubadilika, ndipo vinatema nyutroni. Bromini-87 ni mfano: nusu-maisha yake ni sekunde 56 hivi. Wastani wa wachelewaji wote ni kama sekunde 13.

Saba kwa elfu zinawezaje kuamua mwendo wa zote? Fikiria safari ya darasa inayohitaji michango 1,000. Michango 993 imelipwa asubuhi, saba haijafika, na dereva kasema bila 1,000 gari haliwaki. Hapo mwenye saa ya safari ni wale saba. Kinu nacho ni hivyo: k ikiwa 1.001, nyutroni za papo hapo peke yake zinafikisha 0.9945 tu. Mnyororo wao ungekufa, unasubiri wachelewaji waukamilishe.

Rudia hesabu. Asilimia 0.65 ya sekunde 13, ukijumlisha na zile za haraka, unapata wastani wa sekunde 0.085 kwa kizazi. Hivyo ni vizazi kama 12 kwa sekunde, na nguvu inapanda kwa asilimia 1 hivi kila sekunde. Hesabu kamili, inayotenganisha makundi ya wachelewaji, hutoa kasi kubwa kidogo, lakini bado mtu ana muda wa kuona mshale ukisogea na kushusha fito.

Ila mlango huo una kizingiti. k ikipita 1.0065 hivi, nyutroni za papo hapo zinajitosheleza. Michango imetimia bila wale saba, gari linaondoka.

Ndivyo ilivyokuwa Januari 3, 1961, kwenye kinu kidogo cha jeshi la Marekani kilichoitwa SL-1, huko Idaho. Kilikuwa kimezimwa, na wanajeshi watatu walikuwa wakiunganisha upya fito. Ile ya katikati ilitakiwa kuinuliwa kama sentimeta 10. Ikainuliwa kama 50. Kwa nini, wachunguzi walibaki wakibishana. Kinu kilichobuniwa kwa megawati 3 kilifika karibu megawati 20,000 ndani ya milisekunde 4 hivi. Maji yakageuka mvuke kwa kishindo, chombo kizima kikaruka karibu mita tatu, na wote watatu walikufa. Fito zilikuwepo, tena mkononi mwao. Muda ndio haukuwepo.

Wachelewaji wana upande wa pili pia, na naona haupati nafasi vitabuni. Ukiangusha fito zote kwa mpigo, nguvu ya mpasuko haiishi papo hapo. Inashuka ghafla mwanzoni, kisha inaanza kujivuta, na baada ya dakika chache inapungua nusu kila sekunde 56 hivi, hata ukiongeza fito nyingine. Ni bromini-87 inamalizia zamu yake.