Kizio cha mwisho hakibandikwi

Swali lilihusu basi la mwendokasi linalokuja Mbagala kwa Barabara ya Kilwa. Tungamo lake ni kg 18,000, liko kwenye 54 km/h, na dereva anakanyaga breki zinazotoa kani ya N 45,000. Litasimama baada ya umbali gani? Mwanafunzi wangu wa kidato cha tano, tunayesoma naye tuisheni ya jioni hapa Rangi Tatu, aliniletea daftari. "Mwalimu, nimepata mita 3."

Yale mabasi marefu yenyewe yana urefu wa mita 18 hivi, kwa hiyo yeyote aliyewahi kupanda akiwa amesimama atalikataa jibu hilo. Ila kulikataa jibu hakukuonyeshi umekosea wapi. Nilimwomba afunike namba zote kwa karatasi tubaki na herufi. Hesabu yake ilikwenda hivi:

```
F·d = ½·m·v²
d = m·v²/(2F)
d = m·v/(2F)
d = 18000 × 15/(2 × 45000) = 3 m
```

Anza na mstari wa mwisho wenye herufi, kisha rudi juu. Weka kizio mahali pa kila herufi na uifute ile 2, maana namba tupu haina kizio. Angalia usichanganye m ya tungamo na m ya mita. Mimi huwaambia waandike vizio kwa kalamu ya rangi nyingine. Nyutoni ivunje hadi vizio vya msingi, yaani kg·m/s². Juu tuna kg·m/s, chini tuna kg·m/s². Kilo zinakatana, mita zinakatana, inabaki sekunde.

Tuliulizwa umbali, hesabu ikatoa muda. Ile "m" mbele ya 3 haikutoka kwenye hesabu hata kidogo. Aliibandika kwa sababu swali lilitaka mita, na hiyo ndiyo tabia inayoficha makosa mengi ninayoyaona kwenye madaftari. Kizio cha jibu kinatakiwa kizaliwe na hesabu yenyewe, ndipo ukilinganishe na kile swali lilichotaka.

Sasa panda mstari mmoja. Juu kuna kg·m²/s², chini kg·m/s², zinabaki mita. Mstari huo ni mzima. Kwa hiyo kosa limeingia kati ya mstari wa pili na wa tatu, na hakuna haja ya kurudia swali zima. Kizio kinasema hata kilichopotea: ulitaka mita ukapata sekunde, basi umepungukiwa m/s moja, yaani mwendokasi mmoja. Kipeo cha pili cha v kilidondoka alipokuwa akinakili kwenda ukurasa wa pili. Ukikirudisha, 18,000 × 225 kugawanya kwa 90,000 ni mita 45.

Kwenye suluhisho refu lenye mistari ishirini, usikague yote kwa zamu. Ukiona wa mwisho ni mbovu, rukia wa katikati. Ukiwa mzima, kosa liko chini yake. Ukiwa mbovu, liko juu. Mara nne au tano tu unalifikia.

Kuna kosa la pili ambalo herufi peke yake hazilioni. Mwingine katika kundi hilohilo alikuwa na kanuni sahihi, akaingiza 54 bila kubadili km/h kuwa m/s, akapata 583.2. Daimensheni zake ni za urefu barabara. Kilichoharibika ni kizio. Angeandika km²/h² pembeni ya namba, angeona kilomita na saa zimekataa kukatana na mita na sekunde. Chombo cha NASA cha Mars Climate Orbiter kilipotea mwaka 1999 kwa kosa la namna hii: programu moja ilitoa msukumo kwa paundi-sekunde, nyingine ikausoma kama nyutoni-sekunde. Daimensheni ni zilezile, namba zikapishana zaidi ya mara nne.

Na kuna kosa ambalo vizio havitalikamata kamwe: namba tupu. Ukisahau ile ½ ya nishati mwendo utapata mita 90, na kila kizio kitakaa sawa. Hali ni hiyohiyo ukikosea alama ya kutoa. Hapo unahitaji njia nyingine ya kufika kwenye jibu. Kwa basi letu, mchapuko wa kupungua ni 45,000 kugawanya kwa 18,000, yaani 2.5 m/s², hivyo 15 m/s inaisha kwa sekunde 6. Kasi ya wastani ikiwa inashuka sawasawa toka 15 hadi 0 ni 7.5 m/s. Zidisha kwa sekunde 6: mita 45.