Kununua Kompyuta Mpakato Iliyotumika kwa Kazi za Kujitegemea

Mfasiri anayejitegemea anaoneshwa dukani kompyuta mpakato mbili za bei moja. Ya kwanza ina kibandiko cha Core i7, ya pili Core i5. Wengi huichukua ile ya i7, wakidhani namba kubwa ni ubora mkubwa. Kibandiko, hata hivyo, si lazima kitaje umri wa prosesa.

Umri huo husomwa kwenye jina kamili, ambalo hupatikana kwa kufungua Settings, kisha System, kisha About. Katika mfano wetu, ya kwanza ni i7-4600U na ya pili ni i5-8250U. Kwa prosesa hizi za Intel, tarakimu inayofuata kistari ndiyo kizazi: ya kwanza ni ya kizazi cha 4, ya pili cha 8. Tarakimu hiyo ikiwa 1, zisomwe mbili za mwanzo. I5-1135G7 ni ya kizazi cha 11.

Tofauti hii ina uzito. Huduma ya kawaida ya masasisho ya usalama ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, isipokuwa chache. Kuiona Windows 11 kwenye skrini hakutoshi, kwa kuwa yapo maduka yanayoiweka kwa hila katika mashine zisizokubalika. Mfasiri wetu achague i5. Ukurasa huohuo wa About humwonesha RAM. Kwa anayefungua nyaraka, kivinjari na mkutano wa video kwa pamoja, tunashauri isipungue GB 8. Diski na iwe SSD.

Kinachofuata ni betri, ambayo humwezesha kumaliza kazi ya mteja umeme unapokatika. Afungue Command Prompt na kuandika:

```
powercfg /batteryreport
```

Kompyuta itataja mahali ilipohifadhi ripoti. Ndani yake alinganishe DESIGN CAPACITY, yaani uwezo wa betri ikiwa mpya, na FULL CHARGE CAPACITY, uwezo uliobaki. Ikiwa ni 52,000 mWh na 31,200 mWh, imebaki asilimia 60: betri iliyodumu saa tano sasa itadumu takribani tatu. Hapo ana haki ya kudai bei ipunguzwe au betri ibadilishwe.

Mwisho, kabla ya kulipa, muuzaji aifute kompyuta na kuiwasha upya mbele yake, ikiwa imeunganishwa na intaneti. Ikidai akaunti ya kampuni asiyoijua, bado imesajiliwa kwa mmiliki wa zamani, naye asiinunue. Ikiwa salama, adai risiti yenye namba ya utambulisho iliyo chini ya kompyuta, jina kamili la prosesa na muda wa dhamana. Bila maandishi hayo, malalamiko yake yatakuwa magumu kuthibitishwa.