Kusoma Isoklini: Lini Spishi Mbili Huishi Pamoja, na Lini Moja Huiondoa Nyingine

Katika mazoezi ya ekolojia, mchoro wenye mistari miwili inayokatana huvuta jibu la haraka: mistari imekutana, basi spishi zote mbili zitadumu. Jibu hilo huweza kuwa sahihi, na huweza kuwa kinyume kabisa cha ukweli.

Viluwiluwi wa mbu Aedes aegypti, msambazaji mkuu wa homa ya dengi, na wa Aedes albopictus, ambaye naye huisambaza, hukulia katika vyombo vya aina moja: matairi chakavu, makopo na vyungu vya maua. Ichukuliwe kwamba zoezi limempa mwanafunzi takwimu za kubuni. Tairi lenye A (aegypti) peke yake hulisha viluwiluwi 100. Lenye B (albopictus) peke yake hulisha 80. Idadi ya A haiongezeki wala haipungui pale ambapo

N1 + 0.5·N2 = 100

na ya B pale ambapo

N2 + 0.5·N1 = 80.

Kila mlinganyo ni isoklini, yaani mstari wa kutulia kwa spishi moja. Nambari 0.5 husema kwamba kiluwiluwi mmoja wa spishi ngeni hupunguza chakula kwa kiasi cha nusu ya mwenzake wa spishi moja. Chini ya mstari wake spishi huongezeka. Juu yake hupungua.

Mistari hii hukatana mahali penye A 80 na B 40. Je, hapo panadumu? Njia nyepesi ni kuuliza kama mgeni anaweza kuingia. Tairi likijaa A 100, B wachache wakaletwa, wao huhisi mzigo wa 50 tu, nao ni chini ya 80, basi huongezeka. Tairi likijaa B 80, A huhisi mzigo wa 40, chini ya 100. Nao pia huongezeka. Kwa kuwa kila mmoja anaweza kurudi akiwa mchache, wote hudumu.

Sasa nambari zote mbili za 0.5 zibadilishwe ziwe 2. Mistari bado inakatana, safari hii penye A 20 na B 40. Lakini B akiingia kwa A 100 hukuta mzigo wa 200, naye A akiingia kwa B 80 hukuta mzigo wa 160. Hakuna mgeni anayeweza kuingia. Makutano hayo ni kama yai lililosimamishwa juu ya mgongo wa kilima: kutikisika kidogo, na spishi moja hutoweka. Atakayebaki huamuliwa na idadi za mwanzo, na hapo unyunyiziaji wa dawa unaoipunguza spishi moja tu unaweza kuigeuza hatima ya zote mbili.

Kuna sura ya tatu, inayowakosesha wengi. B amwelemee A kwa 2, naye A amwelemee B kwa 0.5. B huingia kwa A, lakini A haingii kwa B. Mstari wa B upo nje ya ule wa A kila mahali, na A huondolewa, ingawa ndiye mwenye uwezo mkubwa wa kujaza tairi akiwa peke yake. Kushinda ushindani si kuwa wengi zaidi ukiwa peke yako.

Sura hii hukumbusha yaliyotokea Marekani. Aedes albopictus aligunduliwa Houston, Texas, mwaka 1985, na baadaye Aedes aegypti akapungua au akatoweka katika sehemu nyingi za kusini-mashariki. Hata hivyo alibaki katika baadhi ya miji ya kusini mwa Florida. Mayai yake huvumilia ukavu na joto zaidi, jambo ambalo mistari iliyonyooka haiwezi kulionyesha, kwa kuwa hudhani kwamba mazingira hayabadiliki. Aidha, dume la albopictus likimpanda jike la aegypti huweza kumfanya asizae, na huo si ugomvi wa chakula.

Mfanyakazi wa afya anayeondoa nusu ya matairi mtaani huisogeza mistari yote miwili kuelekea sifuri kwa uwiano uleule. Katika mfano wa kwanza makutano hutoka A 80 na B 40, yakawa A 40 na B 20. Hakuna spishi iliyoondolewa wala mshindi aliyebadilika, ila mbu wanaoinuka kutoka mtaani ni nusu ya wale wa awali.