Jina la chuo lipo kwenye orodha. Je, tovuti ni yake?

*Mpendwa Mshauri,*

*Binti yangu Salma amemaliza stashahada ya biashara mwaka huu. Mtu anayejiita wakala alimtafuta kwa WhatsApp, na ndani ya wiki moja akamletea barua ya udahili ya chuo kikuu cha Uingereza. Mwaka wa kwanza atasoma kwa mtandao akiwa hapa Tanga, miaka miwili inayobaki atasafiri. Tunatakiwa tulipe shilingi milioni 4 na nusu kabla ya Ijumaa ijayo ili nafasi isichukuliwe na mwingine.*

*Tovuti ya chuo nimeiona, inapendeza. Ina picha za majengo, majina ya maprofesa, nembo ya ithibati na namba ya usajili. Kijana wa jirani, fundi wa kompyuta, ametafuta kwenye orodha ya serikali ya Uingereza akatuambia jina la chuo lipo. Baba Salma bado anakataa, na binti analia kwamba tunamzibia riziki. Mdogo wake naye anaomba chuo mwaka huu, ila yeye ni hapa hapa nchini. Nimekutumia barua na anwani ya tovuti. Nifanyeje?*

*Mama Salma, Tanga*

Mama Salma,

Usilipe. Chuo ambacho jirani yako amekiona kwenye orodha ni chuo cha kweli, tena cha siku nyingi. Tovuti mliyotumiwa si yake. Nitakueleza hatua kwa hatua nilivyofika hapo, ili wewe na Baba Salma mrudie wenyewe kwa simu na muone kwa macho yenu, na Salma awe amekaa nanyi.

Kijana wa jirani alifanya jambo jema, ila aliishia njiani. Alichukua jina kutoka kwenye tovuti, akalitafuta kwenye orodha, akalikuta, akatosheka. Matapeli wa siku hizi wanajua kwamba watu watatafuta jina, kwa hiyo hawajisumbui kubuni jipya. Wanachukua jina la chuo kilichopo. Ndiyo maana safari inatakiwa ianzie kwenye orodha: fungua orodha rasmi kwanza, kitafute chuo humo, kisha ubonyeze kiungo cha tovuti kilichoandikwa kwenye orodha hiyo. Tovuti itakayofunguka ndiyo ya chuo. Iweke kando ya ile mliyotumiwa, ulinganishe.

Kwa vyuo vya England, orodha hiyo ni rejesta ya msimamizi wa elimu ya juu, iliyomo kwenye tovuti ya `officeforstudents.org.uk`. Andika anwani hiyo mwenyewe, usipitie kiungo ulichotumiwa na wakala. Kila chuo kina ukurasa wake humo: jina lake la kisheria, majina mengine kinayoyatumia, tovuti yake, na maelezo kama kina mamlaka ya kutoa shahada. Nilipofungua ukurasa wa chuo cha Salma, tovuti iliyoandikwa ilikuwa ya mtindo huu (jina lenyewe nimelificha):

```
jina.ac.uk
```

Na hii ndiyo iliyo kwenye barua yenu ya udahili:

```
jina-ac.uk
```

Tofauti ni nukta iliyogeuzwa kuwa kistari, na kwenye kioo cha simu haionekani upesi. Anwani inayoishia na `.ac.uk` haiuzwi ovyo. Inatolewa kupitia taasisi iitwayo Jisc kwa vyuo na mashirika ya elimu na utafiti yanayokidhi masharti yake. Ya pili inaishia na `.uk` tu, na hiyo mtu yeyote anaweza kuinunua mtandaoni kwa fedha kidogo, akaitangulizia maneno anayotaka. Kwa hiyo anwani isome kutoka kulia kwenda kushoto. Na ukikuta `.ac.uk` imefuatwa na nukta na maneno mengine kabla ya mkwaju wa kwanza, ujue mwenye tovuti ni yule aliyeandikwa mwisho, si chuo.

Utauliza, mbona picha na maprofesa ni wa kweli? Nilipobonyeza sehemu ya utafiti na ya maktaba kwenye tovuti mliyotumiwa, kurasa zilizofunguka zilikuwa za chuo halisi. Waliotengeneza walinakili ukurasa wa mbele na kuelekeza viungo vingi kwenye tovuti ya kweli. Vyao wenyewe ni viwili tu: ukurasa wa kuomba nafasi na ukurasa wa kulipa. Hapo ndipo pa kuchunguza. Kwenye ukurasa wa malipo nilikuta akaunti yenye jina la mtu binafsi, na simu ya mawasiliano ni ile ile ya wakala wenu.

Sasa nembo na namba ya usajili. Nembo ya ithibati iliyobandikwa kwenye tovuti ni sawa na mtu kujiandikia barua ya utambulisho badala ya kuipata kwa mwenyekiti wa mtaa. Picha hunakiliwa. Hata nembo yenye kiungo isikutulize, maana mnamo mwaka 2015 gazeti la New York Times lilifichua kampuni moja ya Karachi, Pakistan, iitwayo Axact, iliyokuwa nyuma ya mamia ya tovuti za shule na vyuo vya uongo. Kampuni hiyo ilitengeneza pia tovuti za mabaraza ya ithibati ya uongo, ili mteja mwenye mashaka akibonyeza apelekwe kwa "baraza" la wauzaji wale wale. Kadhalika ukisoma kwamba chuo "kimepewa ithibati na UNESCO," shtuka, kwa sababu UNESCO haitoi ithibati kwa vyuo vikuu.

Namba iliyo kwenye tovuti yenu ni ile inayoitwa UKPRN, yenye tarakimu 8. Ni namba ya kweli ya chuo cha kweli, wameinakili. Lakini hata ingekuwa yao wenyewe isingethibitisha kitu. Namba hiyo hupewa mtoa mafunzo yeyote anayejiandikisha Uingereza, mkubwa kwa mdogo, wala si kibali cha kutoa shahada. Namba ya usajili wa kampuni nayo ni hivyo hivyo: inasema kampuni ipo, haisemi inafundisha nini.

Baada ya kulinganisha anwani, linganisha kozi. Nilitafuta shahada ya Salma kwenye tovuti halisi ya chuo. Kozi ya biashara ipo, ila husomwa chuoni tangu mwaka wa kwanza. Mpango wa kuanzia mtandaoni haumo. Hatua hii ni muhimu, ifanywe hata pale tovuti inapokuwa sahihi, kwa sababu rejesta inakithibitisha chuo, haithibitishi kila kozi ambayo wakala anaitangaza kwa jina lake.

Kwa kuwa Salma angesafiri, kuna orodha ya pili ya kutazama. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Uingereza huchapisha orodha ya vyuo vyenye kibali cha kudhamini wanafunzi wa kigeni kwa ajili ya viza. Ingia `gov.uk` uandike `Register of licensed sponsors: students`. Chuo kisichokuwemo humo hakiwezi kumpatia viza ya mwanafunzi, hata kikiwa chuo halali.

Tahadhari moja, usije ukamhukumu asiye na kosa. Rejesta ya kwanza niliyokutajia ni ya England. Chuo cha Uskoti, Welisi au Ireland Kaskazini kinaweza kukosekana humo na bado kikawa chuo safi. Kwa Uingereza nzima, tafuta ndani ya `gov.uk` ukurasa wa `Check if a university or college is officially recognised`. Orodha zake zinatenganisha taasisi zenye mamlaka ya kutoa shahada na zile zinazofundisha tu, huku shahada ikitolewa na chuo kingine. Ukikuta chuo kipo kundi la pili, muulize wakala ni chuo gani kitatoa cheti, kisha ukichunguze hicho.

Huku nyumbani, mlango wa kugonga ni Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, kwenye `tcu.go.tz`. Tume ndiyo inayosajili mawakala wa kupeleka wanafunzi nje, basi mwombe wakala jina la kampuni yake mlitafute huko. Tume hutoa pia hati ya kutokuwa na pingamizi kwa anayekwenda kusoma nje, na ndiyo inayotambua shahada za nje mtu anaporudi. Shahada isiyotambuliwa itamkwamisha Salma siku ya kuomba kazi, wakati fedha na miaka vimeshakwenda.

Kwa mdogo wake njia ni ile ile, ila ongeza swali moja: chuo kinaruhusiwa kudahili mwaka huu, na kwa kozi hii? Mwaka 2017 TCU ilivizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya. Vilikuwa na majengo, wanafunzi na mabango barabarani, na aliyetazama jina peke yake asingejua. Kwa hiyo achukue mwongozo wa udahili wa TCU wa mwaka huu, si wa kaka wa jirani wa mwaka juzi, aitafute kozi yenyewe chini ya jina la chuo. Akiwa anakwenda chuo cha kati kwa astashahada au stashahada, orodha yake iko kwa NACTVET.

Sasa kabla ya Ijumaa fanyeni mambo mawili. Kwanza, Salma aiandikie ofisi ya udahili ya chuo halisi, kwa barua pepe iliyo kwenye tovuti mliyoifikia kupitia rejesta. Aambatanishe barua aliyopewa, aulize kama wameitoa wao na kama wakala huyo wanamfahamu. Akiwahi kupiga picha kurasa zote mbili, ya rejesta na ya bandia, azihifadhi. Pili, jibu likija kwamba hawamjui, namba ya simu ya wakala itume kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, namba ya TCRA ya kuripoti matapeli, na barua pamoja na picha hizo mzipeleke polisi. Wakala akikupigia kuharakisha malipo, mwambie unasubiri jibu la chuo.

Na umwambie Salma kwamba baba yake hakumzibia riziki. Chuo alichokitamani kipo, kinapokea maombi kwa njia yake, na sasa anajua anwani yake.