Majivuno Yaliyovaa Gunia

Somo: Luka 18:9–14

Wiki hii nataka tuangalie kitu ambacho sisi sote tunakiona kila siku tukifungua simu, na wengi wetu, mimi nikiwa ndani, tumekifanya. Ni ile tabia ya kujisifu huku tumevaa gunia la unyonge. Tunalalamika au tunajishusha, lakini kusudi ni watu waone tumefika.

Nianze na kisa kimoja. Mwenyewe ameniruhusu nikisimulie bila jina. Januari 2024, watoto wa ile KCPE ya mwisho walipokuwa wanaripoti kidato cha kwanza, mama mmoja wa hapa Nakuru alipata baraka: mtoto wake aliitwa shule ya kitaifa. Mama anauza mboga sokoni. Karo ya shule hizo kwa kiwango cha serikali ilikuwa shilingi 53,554 kwa mwaka, na hapo hujanunua sare, godoro wala sanduku. Basi akapiga picha barua ya shule, jina la shule likionekana vizuri, akaiweka kwa Status ya WhatsApp na maneno haya: “Huyu mtoto ataniua na hizi akili zake! Nilimwambia apunguze kusoma, sasa ona, shule ya kitaifa. Mimi maskini nitatoa wapi karo? Mniombee.”

Status hudumu saa 24, na inakuonyesha walioitazama. Walikuwa zaidi ya 60. Wakajibu “Hongera mama”, “Amina”, na picha za kucheka. Mmoja akamwambia auze ng’ombe, na mama hana hata kuku. Hakuna aliyetuma shilingi. Alhamisi jioni akaja kwangu analia: “Pasta, kanisa limenitupa.”

Nilimwomba anisomee alichoandika. Alipomaliza nikamuuliza, “Mama, hapa ulikuwa unatangaza furaha au unaomba msaada?” Akanyamaza kidogo, kisha akasema, “Vyote viwili.” Hapo ndipo shida ilikuwa. Watu waliona furaha tu. Neno “maskini” walilichukua kama utani, maana nani hulia huku ameinua barua ya shule ya kitaifa?

Nilisoma biashara kabla ya kuitwa kwa huduma, na jambo hili limechunguzwa. Mwaka 2018 mtafiti Ovul Sezer na wenzake walichapisha uchunguzi kuhusu majivuno ya namna hii. Waliyagawa mafungu mawili. La kwanza ni majivuno ndani ya malalamiko: “Nimechoka na hizi safari za ndege.” La pili ni majivuno ndani ya unyenyekevu: “Mimi ni nani hata nichaguliwe mwenyekiti?” Anayeandika hufikiri atapata mawili kwa mkupuo mmoja, huruma ya mlalamikaji na heshima ya mwenye mafanikio. Walichokuta ni kwamba hupata hasara pande zote. Wasomaji walimpenda kidogo kuliko yule aliyejisifu waziwazi, na hata kuliko yule aliyelalamika tu. Walimwona si hodari hivyo, na mkono wao wa kumpa pesa ukawa mzito. Sababu yake ni moja: walihisi hasemi kweli. Mtu anayejisifu waziwazi anaweza kutuudhi, lakini angalau tunajua amesimama wapi.

Sasa mtaniuliza, mbona waliandika “Hongera”? Wapendwa, si tunajuana. Kwetu ni vigumu kumwambia mtu mbele ya watu kwamba anaringa. Tunaandika “Amina”, halafu tunaongea jikoni. Kwa hiyo usihesabu Amina ukadhani umekubalika. Angalia nani amekuuliza swali, nani amekupigia, nani amekuja.

Utajuaje kama ujumbe wako umevaa gunia? Chukua kalamu uufanyie jaribio mara mbili. Kwanza kata malalamiko, uone kilichobaki. Halafu rudisha malalamiko, ukate sifa, ujiulize kama bado ungeutuma. Nitumie wangu mwenyewe, nisimwonee mtu. Niliwahi kuandika hivi: “Nimechoka jamani. Njoro, Molo, Gilgil, wiki moja, madhabahu tatu. Mimi ni nani Bwana anitumie hivi? Mniombee.” Picha ilikuwa usukani wa gari nililokuwa nimetoka kununua. Nikikata uchovu, kinabaki: nimealikwa kwingi na nina gari. Nikikata mialiko na gari, kinabaki: nimechoka. Kweli, singeposti “nimechoka” peke yake. Ningelala. Picha nayo ilinishtaki. Mara nyingi maneno hulia na picha hutabasamu: ufunguo wa gari pembeni ya Biblia, tiketi ya ndege chini ya kikombe cha chai. Kitu ambacho hakikuhitajika kwa habari ndicho habari yenyewe.

Yule Farisayo wa Luka 18 alifanya jambo hilohilo bila simu. Alianza kwa shukrani, na shukrani ni kitu kizuri. Lakini ikate shukrani ile, uone kinachobaki: hesabu ya mifungo yake, fungu lake la kumi, na jinsi alivyo bora kuliko jirani aliyesimama nyuma. Mtoza ushuru alisema hitaji lake moja, wazi, bila kitu kingine pembeni. Ndiye aliyerudi nyumbani amepata alichoomba.

Nimrudie mama yetu. Tuliketi tukagawanya ule ujumbe. Wa kwanza ulikuwa furaha tupu: “Mtoto wangu ameitwa shule ya kitaifa. Nimefurahi sana, Bwana ametenda.” Huo ukabaki kwa Status. Wa pili hakuuweka hadharani. Aliwatumia watu 20 anaowajua, mmoja mmoja: “Karo ya muhula wa kwanza imebaki 18,000, na mtoto anaripoti Jumatatu. Ukiweza hata 500, weka moja kwa moja kwa akaunti ya shule.” Kufikia Jumapili jioni 14,500 zilikuwa zimeingia, na ushirika wa nyumbani ukamalizia. Sisemi ni kugawanya tu kulikofanya kazi. Kutaja kiasi, siku na watu wenyewe kulisaidia sana. Lakini safari hii hakuna aliyecheka.

Neno la tahadhari. Jaribio hili ni la simu yako, si la kumpima jirani. Wewe huoni moyo wa aliyeandika. Mama yule hakuwa anaringa. Aliona haya kuomba, akaifunika haya yake na utani, na sisi tulioona tukapita. Mimi pia niliiona Status ile. Nilijibu “Amina”. Kwa hiyo ukikutana na ujumbe unaolia na kujisifu pamoja, usiruke haraka kusema ni majivuno. Mpigie mwenyewe, umuulize, “Dada, ile karo ulisema, imefika wapi?” Kama alikuwa anaringa, mtacheka. Kama alikuwa na shida, utakuwa umefika kabla ya Alhamisi.

Ya kuzungumza katika ushirika wa nyumbani:
1. Fungua ujumbe wako wa mwisho ulioweka hadharani. Ukikata malalamiko au unyenyekevu, kinabaki nini?
2. Kuna hitaji ambalo umelifunika kwa utani wiki hii? Nani mmoja unaweza kumwambia wazi, na kiasi chake?
3. Nani ulimjibu “Amina” na bado hujampigia?